Majirani wa Chemchemi

Kibao cha kwanza kilisimikwa kwenye kona ya njia yetu siku ya soko, ili watu wengi wakione. Kilikuwa bati jeupe lililopigiliwa kwenye nguzo mbili za mkaratusi, na maandishi mekundu yaliyoanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa herufi ndogo, kwa kuwa mchoraji aliishiwa na nafasi. Kilisema hivi:

ONYO KALI! NI MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA. ATAKAYEPATIKANA ATAJUTA KUZALIWA. TAKA YOTE ITACHOMWA MOTO. KWA AMRI YA MWENYEKITI.

Chini ya maneno hayo kulikuwa na fuvu la kichwa, lile wanalochora kwenye milingoti ya umeme. Mwenyekiti wa kamati yetu ya maji alisimama kando ya kibao chake mikono nyuma, akingoja kusifiwa. Alikuwa askari jela kabla ya kustaafu, na mpaka leo akikuomba chumvi unajikuta umenyoosha mgongo. Nilimwambia fuvu limechorwa vizuri. Sikuwa na la kuongeza, na mimi si mtu wa kukosa la kuongeza.

Tunakaa nje kidogo ya Mosocho, mahali ambapo mji umeanza kupanda kilima lakini haujafika. Juu, karibu na barabara, kuna ploti ya mwenyekiti, yaani nyumba za kupangisha, vyumba vilivyopangana vikitazamana, na ndani yake watu kutoka kila upande: walimu wapya, wauza mitumba, fundi wa pikipiki, akina mama wenye watoto wachanga. Njia inashuka kutoka hapo, inapinda mahali tunapopaita konani, kisha inateremka kwa ghafla hadi kwenye chemchemi. Chemchemi iko kwenye shamba la mama mdogo wangu, yaani mke wa mdogo wa baba mkwe wangu. Mumewe, alipokuwa hai, aliwaita majirani wakajenga ukuta wa saruji na kuweka bomba la chuma, na tangu hapo maji hayajawahi kukauka hata jua likiwaka namna gani. Kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, twaiita ensoko. Hakuna anayelipa, na hakuna aliyewahi kufukuzwa.

Mimi nina duka la kuchapa na kutoa nakala pale sokoni. Kwa sababu nina kompyuta, watu waliamua kwamba mimi ndiye katibu wa kamati ya maji. Katika kazi yangu nimechapa vitisho vya kila aina: usiegeshe hapa, usikojoe hapa, usikopeshe mtu huyu. Naweza kusema bila kujivuna kwamba sijawahi kuona kitisho kilichomfanya mtu awe mwema. Lakini mteja akilipia neno, unachapa neno.

Taka za konani zilikuwa zimetuchosha wote. Maganda ya ndizi na maganda ya mahindi hayakuwa tatizo. Ng'ombe na mvua wangeyamaliza. Tatizo lilikuwa vifurushi vidogo, vimefungwa vizuri kwa kitambaa kikuukuu au ndani ya mfuko wa unga, ambavyo kila mtu alijua ni nini na hakuna aliyethubutu kutaja. Zilikuwa nepi za watoto. Mvua ikinyesha, na huku kwetu hunyesha kama mtu anayedai haki yake, vifurushi vilifunguka na kuanza safari ya kwenda chini.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Tuna adabu tunayoiita chinsoni, haya kati ya wakubwa na wadogo, kati ya mkwe na mkwe, kati ya wanaume na mambo ya uzazi. Mwanamume wa umri wa mwenyekiti hawezi kusimama mbele ya wake wa wanawe akatamka neno nepi. Na wake wa wanawe hawawezi kulitamka mbele yake. Kwa hiyo mikutano yetu yote ya kamati, na tulifanya mingi, ilizungumzia "taka". Taka hizi, taka zile, watu wa taka. Wanaume walipiga meza na wanawake tukaangalia miguu yetu. Kibao kile kilitoka kwenye mikutano ya namna hiyo. Kiliandikwa na watu waliokuwa wakizungumza juu ya kitu ambacho hawakukitaja, na kilikuwa kinawaambia watu ambao hawakuwepo.

Baada ya kibao, kona ikawa safi. Lazima niseme ukweli, ikawa safi kabisa. Mwenyekiti alipita akipiga mbinja. Alinikuta dukani akaniambia, "Mwalimu, umeona?" Yeye huniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha hata kuku. "Mtu ni kiboko tu. Mengine ni siasa."

Nilikubali. Nilifurahi pia.

Furaha hiyo ilikatwa na mama mdogo. Alikuja dukani kwangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa sababu magoti yake hayakupenda kilima. Nilimpa kiti, akakikataa. Alisimama katikati ya wanafunzi waliokuwa wakingoja nakala, ameshika fimbo yake, akaniambia kwa Ekegusii nitoke naye. Sikuuliza kwa nini. Nilifunga mlango tukateremka polepole hadi chemchemini, yeye mbele.

Nyuma ya ukuta wa saruji, ndani ya mabingobingo aliyopanda kwa ajili ya ng'ombe wake, vifurushi vilikuwa vimelala kimoja juu ya kingine. Vingine vilikuwa vimeshapasuka. Kimoja kilikuwa ndani ya mfereji wa maji yanayotoka kwenye bomba, kimevimba, maji yanakizunguka.

Mama mdogo hakulia. Alizungumza taratibu, na ningependa zaidi angepiga kelele.

"Mzee wangu alipokufa," alisema, "watu wote waliokuja kumzika walikunywa hapa. Uji wao ulipikwa kwa maji haya. Nilijivunia. Nilisema hata kama hatuna kingine, tuna maji. Sasa mimi nikifa, mtawapa nini? Mtanunua maji ya chupa?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Mwisho wa mwezi nitaita mtu wa seng'enge. Nitaizungushia. Atakayetaka maji akaombe mwenyekiti amri."

Kufunga chemchemi kwetu si jambo dogo. Mtu anayenyima maji anasemwa hata baada ya kuzikwa, na wajukuu wake wanaoa kwa taabu. Nilijua yeye anajua. Ndiyo maana niliogopa: alikuwa tayari kubeba jina hilo kuliko kuona uchafu ule tena. Nami nilikasirika, siwezi kuficha. Niliwakasirikia wapangaji, nikamkasirikia mwenyekiti na fuvu lake, nikajikasirikia mimi niliyesifu fuvu. Nilitaka kwenda nyumba hadi nyumba na kifurushi mkononi nikiuliza, hiki ni cha nani? Nilifika hata kupanda kilima nikiwa nimekunja mikono ya sweta.

Aliyenizuia ni mmoja wa wapangaji wenyewe, mama mmoja kijana kutoka upande wa Bungoma, anayeuza mitumba sokoni meza mbili kutoka duka langu. Alikuwa ameketi mlangoni kwake akimnyonyesha mtoto. Alipoiona sura yangu, alimtoa mtoto kwenye titi akamfunika.

"Shikamoo mama," akasema. "Ni mimi. Si mimi peke yangu, lakini hata mimi."

Mtu aliyejiandaa kugombana akikutana na ukweli mapema hivyo, anabaki na mikono yake haijui iende wapi. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamuuliza kwa nini, jamani, kwa nini chini kwenye maji.

"Kwa sababu ile bango ilisema mtachoma."

Sikuelewa. Au nilielewa nusu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Vitu ya mtoto haichomwi, mama. Wewe umezaa, unajua. Ukichoma, mtoto anaungua huku." Akagusa makalio ya mtoto kwa kiganja, taratibu. "Juu, watu walikuwa wanatupa tu, ng'ombe wanapita, mvua inabeba, sawa. Lakini mkisema mtachoma, nani ataacha ya mtoto wake hapo ichomwe na watu? Tukaanza kushuka nayo chini, kwa majani, mahali hakuna mtu atawasha moto. Huko kuko na maji. Maji inapoesha."

Nilimwambia maji hayo hayo ndiyo tunakunywa. Alisema yeye hununua maji kwa mkokoteni, yale alidhani ni ya mvua tu, na hakuwahi kujua ile bomba iko nyuma ya yale majani. Alikuwa amekuja kwetu mvua zilipoanza, na hakuna aliyemwonyesha chochote isipokuwa kibao.

Kisha, bila mimi kumwuliza, alinieleza juu ya mtoto wake wa kwanza. Walikuwa wakikaa Kitale, na jirani mmoja alikuwa akikusanya taka za ploti nzima na kuzichoma nyuma ya choo. Mtoto alianza kuwa moto. "Daktari alisema ni nimonia," alisema. "Labda. Lakini mimi ndio nilikuwa nimeshika yeye. Alikuwa moto kama jiko, mama, mpaka asubuhi, halafu akawa baridi. Huyu wa pili sitaki kujaribu."

Naijua imani hiyo. Mama yangu alikuwa nayo, nami nikiwa na shule yangu yote niliwahi kwenda na nepi za mwanangu wa mwisho kuzifukia chini ya migomba, nikijiambia ni kwa ajili ya mbolea. Sikumpinga. Kuna mambo ambayo mtu hapingwi akiwa na mtoto kifuani.

Nilirudi nyumbani nikafikiri juu ya kibao. Neno moja, "itachomwa", lililotiwa pale ili kukoleza ukali, lilikuwa limefanya kazi kuliko maneno mengine yote. Watu walikuwa wameogopa kweli. Waliogopa kitu tofauti na kile tulichotaka waogope, basi wakakimbilia mahali tulipotaka kupalinda. Mwenyekiti alikuwa amefaulu, na ndilo lililokuwa tatizo.

Jumapili alasiri niliwaita wanawake chemchemini, wa juu na wa chini, bila mwanamume hata mmoja. Mama mdogo alikuja na fimbo yake akaketi juu ya ukuta wa saruji, uso umekunjwa. Tulianza kwa kusafisha. Kila mtu aliokota, hata wale ambao hawakuwa wametupa. Mama wa Bungoma ndiye aliyeingia kwenye mfereji, maji hadi magotini, akatoa kile kilichovimba kwa mikono yake. Tulivibeba vyote kwa magunia hadi kando ya barabara, mbali na maji, tukavifunika vingoje tupate pa kuvipeleka. Kuna kazi ambazo zenyewe ni maungamo.

Kisha tukaketi, na kwa mara ya kwanza neno likasemwa waziwazi. Nepi. Mmoja alicheka kwa haya, wakafuata wengine. Mwalimu mmoja wa chekechea akasema, "Mficha uchi hazai. Tuseme tu." Mama wa Bungoma akaeleza habari ya moto. Nikamtafsiria mama mdogo, kwa sababu Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu. Nilipofika kwa yule mtoto wa Kitale, nilianza tena mara mbili.

Mama mdogo alimgeukia yule mama. Kisha akaniuliza kwa Ekegusii, "Kwa nini hakusema?"

"Angemwambia nani, mama? Kibao?"

Mama mdogo akasema, na hii nilitafsiri kwa wote: "Sisi tulizika vitovu vya watoto wetu kwenye migomba. Hakuna aliyewasha moto juu ya kitovu. Mwambie namwelewa."

Ndipo tulipoanza kuandika. Nilikuwa nimekuja na rasimu yangu, nimeichapa vizuri, na nilikuwa nikijiona. Ilianza: TAFADHALI MSITUPE TAKA HAPA. Wapangaji wakatazamana.

"Hiyo tafadhali," alisema mmoja, "ndio mwenye nyumba huandika kabla ya kufunga mlango na kufuli."

Walicheka, nami nikacheka nikiwa nimechomwa kidogo. Nikauliza, basi tuanze na nini? Mwalimu wa chekechea akasema mtu akifika konani na kifurushi mkononi ameshaamua, hatasoma barua. Atasoma mstari mmoja akitembea. Mstari huo umwambie kitu asichokijua. Na kitu wasichokijua wengi, alisema mama wa Bungoma, ni kwamba kuna maji ya kunywa hapa. Hivyo ndivyo tulivyopata mstari wa kwanza. Wa pili ulipaswa kusema kifurushi kiende wapi, maana ukimwambia mtu "si hapa" bila kumwambia "pale", umemwambia akatafute kichaka kingine.

Hapo nikasimamisha kalamu. Taka nyingine zilikuwa na pipa la sokoni, lakini kwa nepi hatukuwa na pale. Tungeandika nini, ahadi? Kibao cha kwanza kilikuwa kimetishia jambo ambalo hakuna aliyekusudia kulifanya. Cha pili kisije kikaahidi jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Tukakubaliana shimo litangulie, kibao kifuate.

Shimo lilihitaji ardhi, na ardhi isiyo karibu na maji ilikuwa ya mwenyekiti. Nilikwenda kwake na mwalimu wa chekechea. Alitupokea barazani, akatuletea chai, akasikiliza hadi tulipofika kwenye kibao kubadilishwa.

"Mnataka kuwabembeleza," alisema. "Watu wanaogopa nini kama si adhabu?"

"Wameogopa, mzee," nikamjibu. "Wameogopa sana. Ndiyo maana sasa wako chemchemini."

Akaweka kikombe chini. Niliona anataka kuuliza ni nini hasa kilichowatisha, na niliona hawezi. Chinsoni ilikuwa imeketi kati yetu na birika. Nikatafuta njia ya kumsaidia.

"Ni vitu vya mtoto, mzee. Havichomwi."

Alitazama pembeni, kwenye ndizi zake. Mzee huyu ana wajukuu wengi, na mkewe, ambaye alikuwa jikoni akisikiliza kila neno, alikohoa kikohozi cha mke wa miaka mingi. Mwenyekiti akasema, "Aa." Kisha akanywa chai yake yote bila kutuangalia. "Sikuambiwa," alisema hatimaye, na sauti haikuwa ya jela tena. "Chukueni pale nyuma ya ploti. Lakini mje na mtu wa afya, msije mkachimba mkanitobolea kisima."

Afisa wa afya alikuja, kijana mwenye buti za mpira. Alipanda na kushuka, akaangalia mteremko unaelekea wapi, akakataa mahali pa kwanza kwa kuwa pangeteremsha uchafu kwenye chemchemi ileile. Alikubali ng'ambo ya mgongo wa kilima, bado nyuma ya ploti, mahali ambapo maji ya mvua hukimbilia upande mwingine. Alitaka shimo lenye mdomo uliojengewa, jukwaa la zege, kifuniko kizito, na rundo la udongo kando ili kila anayetupa afunike kidogo. Mama wa Bungoma akamwuliza kama ni kweli mtoto huungua. Kijana hakucheka. Alisema kitabuni hakuna, lakini moshi wa vitu vile ni mbaya kwa kifua cha mtoto, basi hata yeye asingependa vichomwe. Nilimpenda kwa jibu hilo. Mwanamke aliyezika mtoto hakuambiwa ni mjinga, wala hakudanganywa.

Vijana wa pikipiki walichimba. Mwenyekiti alisimamia mikono nyuma, akitoa amri ambazo hazikuhitajika, na tulimwachia raha hiyo. Vifurushi vilivyokuwa kando ya barabara vilikuwa vya kwanza kuingia.

Kibao tulikirudisha kwa mchoraji yuleyule wa pale sokoni, na bati lilelile, maana bati lilikuwa zima. Alipaka rangi nyeupe juu ya nyekundu. "Na fuvu?" akauliza. "Nilifute ama niliache kwa kona, dogo?" Tukamwambia afute. Alisikitika kweli, maana ndilo alilolichora vizuri.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa juu ya mstari wa chini. Mwenyekiti alitaka KWA AMRI YA MWENYEKITI ibaki, kwa kuwa kibao bila mwenyewe, alisema, ni kama barua bila sahihi. Alikuwa na hoja. Kilichoandikwa kwa niaba ya mtu asiyejulikana hakimgusi mtu. Tukalipeleka swali kwa mama mdogo, tukidhani atataka iandikwe kwamba shamba ni lake. Alifikiri, kisha akauliza kwa Ekegusii, "Wanaokunywa hapa ni nani?" Nikamwambia, majirani. "Basi andika hao."

Na ile seng'enge, nikamwuliza. Alisema mwezi haujaisha.

Kibao cha pili kilisimama konani, herufi za bluu, kubwa, na nafasi ya kutosha kati ya mistari:

MAJI TUNAYOKUNYWA YAKO HAPA CHINI.
VITU VYA MTOTO: SHIMONI, NYUMA YA PLOTI. TUNAFUKIA. HATUCHOMI.
TAKA NYINGINE: PIPA LA SOKONI.
ASANTE. SISI, MAJIRANI WA CHEMCHEMI.

Sitadai kwamba kilifanya miujiza. Kuna mtu aliendelea kutupa chupa zake pale mpaka mke wake akamwaibisha. Kuna majuma ambayo udongo wa kufunikia uliisha na harufu ikapanda, tukalaumiana. Lakini niliona jambo moja mara nyingi kupitia dirisha la jikoni kwangu, linalotazama kona. Mwanamke anakuja na kifurushi, anapunguza mwendo, midomo yake inatembea. Anafika kwenye neno HATUCHOMI. Anageuka na kupanda kilima.

Mwisho wa mwezi ulipita. Mtu wa seng'enge hakuitwa, na mama mdogo hakulitaja tena jambo hilo. Alianza kushuka chemchemini alasiri, akaketi kwenye ukuta, akiwasalimu kwa Kiswahili chake cha bei wale wanaokuja kuchota. Wapangaji walikuwa wameacha kununua maji ya mkokoteni. Yule mama wa Bungoma alimjazia ndoo akampelekea hadi mlangoni, na hawakuwa na lugha ya kutosha ya kuzungumza, basi waliketi tu, mtoto akitambaa kati yao.

Mama mdogo alikufa masika yaliyofuata, usingizini, kama mtu aliyemaliza kazi. Nilimlilia sana, kuliko nilivyotarajia, na mpaka leo nikipita kwenye ukuta ule nautazama kwanza kabla sijakumbuka.

Watu walikuja wengi. Kwetu mazishi ni maji: ya uji, ya chai, ya kuosha vyombo, ya kuosha mikono, tangu asubuhi hadi kaburi lifunikwe, na kuyachota ni kazi ya wanawake wa majirani. Niliogopa hatutatosha. Nilipofika chemchemini alfajiri nikakuta foleni ya madumu, na waliokuwa wakichota walikuwa wapangaji wa juu, leso zimefungwa kiunoni. Hakuna aliyewaita. Walichota siku nzima. Waombolezaji walikunywa maji ya mama mdogo, kama alivyotaka, na yalikuwa safi.

Jioni, watu walipoanza kutawanyika, nilimwona shangazi mmoja wa ukoo wa marehemu, aliyetoka Nairobi na viatu vya mjini, akielekea konani na gunia la sahani za karatasi na chupa. Nilikuwa mbali na nilikuwa nimechoka. Kabla sijaita, mama wa Bungoma alimfikia, dumu begani, mtoto wake sasa anatembea kando akishika sketi.

"Shangazi, si hapo," alisema. "Hapo chini ndio kuna maji yenye umekunywa leo. Lete, nitakuonyesha penye inaenda."

Shangazi alimtazama juu hadi chini. Alisikia lafudhi isiyo ya kwetu. Akamwuliza, si kwa ubaya, lakini kwa namna watu wa ukoo huuliza siku ya mazishi, wakitaka kujua nani ana haki ya kusema:

"Na wewe ni nani wa marehemu?"

Mama wa Bungoma alishusha dumu. Hakutazama kibao kilichokuwa nyuma yake. Alilichukua gunia kutoka mkononi mwa shangazi.

"Mimi ni jirani wa chemchemi," alisema.